Fomu ya kumbukumbu za kuku wa mayai: jinsi ya kuijaza na kuisoma kila wiki

"Nina kuku 200, napata trei tano kwa siku. Niko sawa?" Swali hili huulizwa kila mara, na jibu la kweli ni kwamba haiwezekani kulijibu kama lilivyo. Hao 200 ni wale ulioingiza bandani au ndio waliobaki leo? Wana umri wa wiki ngapi? Trei tano kamili, au trei tano na mayai ishirini juu yake? Wanakula mifuko mingapi? Ukishaulizwa hivyo unaanza kukuna kichwa, kwa sababu majibu yapo nusu kichwani, nusu kwa kijana wa bandani, na nusu nyingine kwenye meseji za muuza chakula.

Mwongozo huu ni wa mfugaji mwenye kuku wa mayai wa kisasa kati ya 50 na 500 hivi, waliofungiwa bandani na wanaokula chakula unachowapa wewe. Mwenye chotara kama Sasso au Kuroiler anaweza kutumia fomu hiihii, ila asilinganishe namba zake na nitakazozitaja hapa. Kuku wake ni wazito zaidi, wanakula zaidi na wanataga kidogo. Kuku wa kienyeji wanaozurura nao wahesabie mayai na vifo tu. Hesabu ya chakula haitakuwa na maana, maana nusu ya mlo wao wanaipata wenyewe nje.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi au daftari lenye mistari. Karatasi moja ni wiki moja. Ukiwa na mabanda mawili, au kuku wa umri tofauti, kila kundi liwe na karatasi yake.
- Ubao mgumu wa kubania karatasi na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Vyote vining'inie mlangoni mwa banda, si sebuleni. Kalamu isiyofungwa hudumu siku mbili.
- Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 50, kwa ajili ya chakula.
- Mizani ndogo inayosoma gramu, ya jikoni inatosha, kwa ajili ya mayai. Kama huna, azima dukani mara moja kwa wiki.
- Tochi.
- Kikokotoo cha simu.

Na kitu kimoja zaidi kisichouzwa: idadi kamili ya kuku ulio nao leo. Usianze na idadi uliyonunua. Wahesabu upya usiku, wakiwa wametulia, ukitumia tochi, watu wawili kila mmoja kivyake. Mkitofautiana, rudieni. Mchana hutaweza, watakuzunguka tu.

Hatua ya 1: Chora fomu

Juu ya karatasi andika vitu vinne: jina au namba ya banda, tarehe ya kuanza wiki, umri wa kuku kwa wiki, na idadi ya kuku walioingia kundi lilipoanza kutaga. Hiyo ya mwisho haibadiliki kamwe. Hata ukibaki na kuku 150, kama uliingiza 200, pale juu panabaki 200.

Chini yake chora safu saba: siku, waliopo, waliokufa, waliotolewa, mayai mazima, mayai yaliyopasuka, na maelezo. Mistari saba kwa siku saba za wiki, kisha mstari wa jumla. Chini kabisa acha nafasi ya chakula cha wiki.

Utaona chakula hakina safu ya kila siku. Ni makusudi, na sababu yake iko hatua ya 4. Utaona pia fomu ni ndogo. Nimeona fomu zenye safu kumi na nane, zikiwa na joto la asubuhi, joto la jioni na lita za maji. Zinapendeza sana, na huachwa kujazwa wiki ya pili.

Hatua ya 2: Jaza idadi ya kuku kila asubuhi

Unapofungua banda, andika waliopo. Kuku uliyemkuta amekufa asubuhi hiyo bado anahesabiwa kwenye "waliopo" ya siku hiyo, kisha unaandika 1 kwenye waliokufa. Kesho yake ndipo idadi inashuka. Unaweza kuamua kufanya kinyume chake, lakini ukishachagua usibadilishe, la sivyo hesabu zitakuwa zinaruka.

Waliokufa na waliotolewa usiwachanganye. Kuku uliyemuuza, uliyemchinja kwa mgeni, au uliyempeleka kwa shemeji si kifo. Ukiwaandika safu moja, mwisho wa mwaka utaonekana una ugonjwa mkubwa bandani kumbe ilikuwa Krismasi na Idi. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kuku anayedhoofika akichinjwa haraka "kabla hajafa" na kuandikwa kwamba ametolewa tu. Huyo andika waliotolewa, lakini kwenye maelezo sema "mgonjwa". Wakifika wawili au watatu ndani ya wiki moja, wahesabu pamoja na vifo unapotafuta tatizo.

Kwa kila kuku aliyekufa, andika neno moja au mawili kwenye maelezo: amekutwa wapi, kifua kina nyama au mfupa umechomoza, ule mfuko wa chakula shingoni umejaa au mtupu, njia ya kutagia ni safi, ina kinyesi cha kijani, au imedonolewa. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo maswali ya kwanza atakayokuuliza mtaalamu wa mifugo ukimpigia. Kisha mfukie kwenye shimo refu, mbali na banda. Usimtupie mbwa.

Hatua ya 3: Andika mayai kila unapookota

Okota angalau mara mbili kwa siku, na siku za joto mara tatu. Andika kila mara unapookota, kwa kujumlisha: 92+58+18. Usisubiri jioni ukajaribu kukumbuka. Mayai yaliyotagwa jioni baada ya kuokota mara ya mwisho yatahesabiwa kesho, wala yasikusumbue. Kwa wiki nzima yanajisawazisha.

Hesabu kwa yai, usihesabu kwa trei. "Trei tano na kidogo" inaweza kuwa mayai 152 au 178, na kwa kuku 200 tofauti hiyo ni asilimia 13 ya utagaji. Ndiyo tofauti kati ya kundi zuri na kundi lenye shida.

Yaliyopasuka, yenye ganda laini na yasiyo na ganda yana safu yake. Hutayauza, lakini kuku kayataga. Ukiyaacha nje ya hesabu utadhani kuku hawatagi, kumbe shida ni viota vichache, randa pungufu au chokaa kidogo kwenye chakula.

Hatua ya 4: Pima chakula mara moja kwa wiki

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anaandika "mifuko miwili" siku aliyofungua mifuko, kisha siku tatu zinazofuata hana cha kuandika. Au anaandika debe moja kila asubuhi, huku jana kulikuwa na nusu debe lililobaki kwenye vyombo. Namba za siku kwa siku zinadanganya. Za wiki hazidanganyi, mradi upime mabaki.

Fanya hivi kila Jumapili jioni, saa ileile:

1. Pima kwa mizani chakula chote kilicho stoo, pamoja na mfuko uliofunguliwa.
2. Kusanya kilichobaki kwenye vyombo vya kulia, kipime, ukijumlishe na cha stoo.
3. Andika jumla hiyo kama "kilichobaki". Ndiyo itakayokuwa "cha kuanzia" cha wiki ijayo.

Katikati ya wiki ukinunua, pima mfuko kabla ya kuufungua na andika uzito uliousoma kwenye mizani. Usiandike uliochapishwa. Mfuko wa kilo 50 unaotoka na kilo 48 ni jambo la kawaida mitaani, hasa kwa chakula kinachochanganywa na kushonwa papo hapo.

Kisha:

chakula kilicholiwa = cha kuanzia + kilichonunuliwa − kilichobaki

Hatua ya 5: Pima uzito wa yai mara moja kwa wiki

Chukua trei tatu zilizojaa bila kuchagua mayai makubwa, pima kila moja, toa uzito wa trei tupu, kisha gawanya jumla kwa 90. Trei ya karatasi ikilowa huwa nzito, kwa hiyo pima trei tupu za siku hiyohiyo. Huna mizani ya gramu? Ruka hatua hii. Bado utapata kipimo cha kilo za chakula kwa trei, na wafugaji wengi wadogo wanaishi na hicho tu bila tabu.

Hatua ya 6: Fanya hesabu za wiki

Tuchukue wiki moja kamili. Kundi liliingia na kuku 200. Kabla ya wiki hii walikuwa wamekufa watatu na kuuzwa mmoja, kwa hiyo Jumatatu tunaanza na 196. Umri ni wiki 30.

| Siku | Waliopo | Waliokufa | Waliotolewa | Mazima | Yaliyopasuka | Maelezo |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Jumatatu | 196 | 0 | 0 | 165 | 3 | |
| Jumanne | 196 | 1 | 0 | 163 | 2 | kadonolewa nyuma, kifua kina nyama |
| Jumatano | 195 | 0 | 0 | 166 | 4 | |
| Alhamisi | 195 | 0 | 0 | 164 | 2 | umenunuliwa mfuko, kilo 49 |
| Ijumaa | 195 | 0 | 0 | 165 | 2 | |
| Jumamosi | 195 | 1 | 0 | 161 | 3 | kadonolewa nyuma tena |
| Jumapili | 194 | 0 | 0 | 161 | 2 | |
| Jumla | 1,366 | 2 | 0 | 1,145 | 18 | |

Chakula: cha kuanzia kilo 172, kilichonunuliwa kilo 49, kilichobaki kilo 61. Kilicholiwa ni kilo 160. Yai moja lilipimwa gramu 58.

Ile 1,366 chini ya "waliopo" huwashangaza watu, kwa sababu hakuna kuku 1,366. Ni jumla ya siku zote ambazo kuku wako walikuwepo: kuku mmoja akikaa siku saba anachangia saba, aliyekufa Jumanne amechangia mbili tu. Tuiite siku za kuku. Ndiyo namba utakayogawanyia karibu kila kitu, na inakuokoa usibishane na nafsi yako kama ugawe kwa 196 au 194.

*Utagaji.* Mayai yote, mazima na yaliyopasuka, ni 1,163. Gawa kwa 1,366, zidisha kwa 100: asilimia 85.1. Kwa kuku wa kisasa wa kahawia wa wiki 30 hii si mbaya, lakini si kilele pia. Kundi lililokuzwa vizuri linafika asilimia 90 na zaidi katika umri huo, kisha linashuka polepole.

*Chakula kwa kuku.* Kilo 160 gawa kwa 1,366, zidisha kwa 1,000: gramu 117 kwa kuku kwa siku. Kawaida ni kati ya 110 na 120.

*Chakula kwa trei.* Mayai 1,163 ni trei 38.77. Kilo 160 gawa kwa 38.77 ni kilo 4.13 kwa trei.

*Uwiano wa chakula na mayai.* Hapa tunatumia uzito wa mayai. 1,163 zidisha kwa kilo 0.058 ni kilo 67.5 za mayai. Kilo 160 gawa kwa 67.5 ni 2.37. Maana yake kuku wamekula kilo 2.37 kutengeneza kilo moja ya mayai. Namba ikiwa ndogo ni nzuri, ikipanda unalipa zaidi. Kati ya 2.0 na 2.4 katika umri wa kilele uko pazuri. Kundi likizeeka, uwiano unapanda hata kama hujakosea kitu.

*Vifo.* Hapa gawa kwa walioingia, si kwa siku za kuku. Tangu mwanzo wamekufa watano kati ya 200: asilimia 2.5. Kwa wiki hii peke yake wamekufa wawili kati ya 196, yaani asilimia 1. Kuku mmoja kwa mwezi katika kundi la 200 ni jambo la kawaida. Wawili kwa wiki wanataka uangalie. Safu ya maelezo imeshakuambia uangalie nini: wote wamedonolewa nyuma. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Punguza mwanga unaopiga ndani ya viota, ongeza nafasi, na mtafute kuku mwenye tabia hiyo umtenge.

Ukitaka fedha, badili hatua moja: tumia mayai mazima tu, kwa sababu ndiyo unayouza. Tuseme mfuko wa kilo 50 ni shilingi 65,000, yaani 1,300 kwa kilo. Kilo 160 ni shilingi 208,000. Mayai mazima 1,145 ni trei 38.17. Kwa hiyo kila trei imekula chakula cha shilingi 5,450 hivi. Weka bei ya kwako hapo. Dawa, randa, umeme na mshahara bado havimo, kwa hiyo usiichukue namba hii ukadhani ndiyo gharama yote.

Unayetumia simu kujaza, panga safu kwa mpangilio uleule: A siku, B waliopo, C waliokufa, D waliotolewa, E mazima, F yaliyopasuka, G maelezo. Mstari wa kwanza ni vichwa, siku ziko mstari wa 2 hadi 8, na kilo zilizoliwa ziweke kwenye J2. Kisha andika hizi tatu, kila moja kwenye kisanduku chake: utagaji, gramu kwa kuku, kilo kwa trei.

```
=SUM(E2:F8)/SUM(B2:B8)*100
=J2/SUM(B2:B8)*1000
=J2/(SUM(E2:F8)/30)
```

Hata hivyo karatasi ya mlangoni ibaki. Simu iko mfukoni mwako, na wewe huko bandani saa zote.

Hatua ya 7: Soma namba tatu kwa pamoja

Namba moja peke yake haisemi kitu. Uwiano mzuri unaweza kuwa habari mbaya: kuku wanaoanza kuumwa huacha kula kabla hawajaacha kutaga, kwa hiyo kwa siku chache chakula kinashuka, mayai yako palepale, na uwiano wako unang'aa. Ukishangilia, wiki inayofuata utalia. Ndiyo maana kila wiki unaandika utagaji, gramu kwa kuku, na vifo kwenye mstari mmoja wa daftari la pembeni, wiki chini ya wiki. Utagaji ukishuka pointi moja si habari. Ukishuka pointi tatu au zaidi ndani ya wiki moja, au ukishuka wiki tatu mfululizo kabla kundi halijazeeka, kuna kitu.

Turudi kwa kundi letu, wiki ya 31. Hakufa hata mmoja: kuku 194 kwa siku saba ni siku za kuku 1,358. Mayai 1,154, utagaji asilimia 85.0. Lakini chakula kimefika kilo 174. Gramu kwa kuku zimetoka 117 hadi 128, na trei imepanda hadi kilo 4.52.

Mayai ni yaleyale, vifo hakuna. Kuku wana afya. Zile kilo 14 za ziada hazijaingia tumboni mwao, au kama zimeingia hazijafanya kazi yoyote. Kwa bei yetu ya mfano hizo ni shilingi 18,200 kwa wiki moja.

Kila mtu husema "panya", haraka haraka. Lakini pima kwanza. Panya mkubwa hula gramu 20 na kitu kwa usiku. Kilo 14 kwa wiki ni kilo 2 kwa siku, ambazo zingehitaji panya karibu mia moja. Ungewaona. Kwa hiyo panya wanaweza kuwemo, lakini si wao peke yao. Jaribu vipimo viwili rahisi:

- Giza likiingia na kuku wakiwa wamelala, pima chakula kilicho kwenye vyombo. Pima tena alfajiri kabla ya mwanga. Kuku hawali gizani, kwa hiyo kilichopungua kimeliwa na wengine.
- Siku inayofuata tandika magunia chini ya vyombo vya kulia tangu asubuhi hadi jioni, kisha kusanya na upime kilichomwagika.

Kipimo cha pili ndicho kinachowaumbua wengi. Chombo kilichojazwa hadi ukingoni, kikiwa chini usawa wa miguu, kinamwaga kupita unavyofikiri. Jaza theluthi moja tu, mara nyingi zaidi kwa siku, na kining'inize ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku. Kama vipimo vyote viwili havionyeshi kitu, rudi kwenye mizani yako na kwenye stoo: huenda mfuko mmoja uliandikwa mara mbili, au mwingine ulitoka bila kuandikwa. Hilo la mwisho liulize kwa upole.

Makosa yanayoharibu fomu

Kujaza wiki nzima Jumapili. Utaijua karatasi ya namna hiyo kwa kuitazama tu: wino ni mmoja, mwandiko haujachafuka, na mayai ni 165, 160, 165, 170, 160. Kuku hawatagi kwa tano tano. Ukiona namba nyingi zinaishia na sifuri au tano, mwulize anayejaza, na umwambie kabisa kwamba siku ambayo hakuhesabu aache wazi. Pengo ni bora kuliko namba ya kubuni.

Kumkaripia anayeandika namba mbaya. Kijana akigombezwa kwa kuandika vifo viwili, mara ya pili ataandika kimoja, na cha pili utakigundua usiku wa kuhesabu.

Kutohesabu kuku upya. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, usiku. Ikitofautiana na karatasi, sahihisha kuanzia siku hiyo na uandike "pungufu 3, haijulikani". Usirudi nyuma kufuta.

Kutoandika chanjo na dawa. Safu ya maelezo ibebe tarehe ya chanjo ya mdondo, jina la dawa, na siku kuku walipomaliza kutibiwa. Kama lebo ya dawa inataja siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza mayai, andika tarehe ya mwisho kwa herufi kubwa, ili anayeokota asiyachanganye na ya kuuza.

Namba zikikataa: pa kuanzia

*Mayai yameshuka na chakula kimeshuka pia.* Anza na maji kabla ya kitu chochote. Kuku hunywa takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na zaidi wakati wa joto. Bomba lililoziba saa chache mchana linaonekana kwenye mayai ya kesho. Maji yakiwa sawa, fikiria joto, hasa Dar es Salaam, Tanga na Morogoro kati ya Desemba na Machi. Walishe mapema asubuhi na jioni badala ya mchana. Kama si maji wala joto, na unaona kuhara kijani, kukoroma au shingo kupinda, piga simu kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Inaweza kuwa mdondo, na wiki hiyo hakuna cha kungoja.

*Mayai yameshuka, chakula kiko palepale.* Kagua kama umebadili muuzaji au mchanganyiko wa chakula ndani ya wiki mbili zilizopita. Tarehe iko kwenye maelezo. Tafuta mayai pembeni na chini ya randa. Angalia kama kuna ganda na utelezi kwenye viota, dalili ya kuku wanaokula mayai. Manyoya yakianza kudondoka kwa wingi na kuku wakiwa wakubwa kiumri, wanabadilisha manyoya. Na kama kila kitu kiko sawa, okota mwenyewe kwa siku tatu bila kutangaza. Mayai yakirudi, jibu unalo.

*Yaliyopasuka yameongezeka.* Katika mfano wetu ni 18 kati ya 1,163, asilimia 1.5, hakuna shida. Ikivuka asilimia 4 au 5, tenganisha: ganda gumu lililopasuka ni shida ya viota na uokotaji, ganda jembamba au laini ni chokaa, joto au umri, na pia linaweza kuja na mdondo.

*Uwiano unaruka juu na chini kila wiki, utagaji umetulia.* Hiyo ni mizani au siku ya kupimia. Wiki moja umepima Jumapili jioni, nyingine Jumatatu mchana baada ya kuku kula. Jumlisha wiki mbili pamoja uone kama inatulia, kisha rudi kwenye saa moja maalumu.

*Vifo vitatu au zaidi ndani ya siku mbili katika kundi la 200.* Usisubiri hesabu ya Jumapili. Mpelekee mtaalamu kuku aliyekufa saa chache zilizopita, akiwa kwenye mfuko uliofungwa na mahali pa baridi, pamoja na karatasi za wiki nne za mwisho. Aliyeoza hapimiki.